Memo ya mafunzo ya faragha imekuja na listi ya wasiomaliza, jina langu limo na nilishamaliza. Hii imekaaje?

Kijana wa Mbagala:
Habari wakuu. Nipo taasisi moja ya mikopo hapa Dar, jina naliacha maana bado nakula hapo. Leo saa nne asubuhi imeingia memo kwenye imeili, na hapohapo meneja wa tawi akaitupa kwenye grupu la wasap la kazini. Naiweka kama ilivyo:

"Wafanyakazi wote mnakumbushwa kuwa mwisho wa kukamilisha mafunzo ya lazima ya ulinzi wa taarifa binafsi ni Ijumaa saa 11:00 jioni. Hakutakuwa na nyongeza ya muda. Atakayeshindwa kukamilisha: (a) akaunti yake ya mfumo itafungwa kuanzia Jumatatu, (b) atapewa onyo la maandishi, (c) atakatwa asilimia 10 ya mshahara wa mwezi huu. Orodha ya ambao hawajakamilisha imeambatishwa."

Sasa mimi hiyo kozi niliimaliza wiki iliyopita, nilipata 88 na ya kupita ni 80, ila kwenye orodha nipo, tena namba 9. Halafu hiyo orodha yenyewe ni faili la Excel, ina jina, namba ya mfanyakazi, simu, tawi, na mwisho kuna safu ya "maelezo". Kwa dada mmoja wa tawi letu wameandika yupo likizo ya ugonjwa na ugonjwa wenyewe wameutaja!! Kwenye grupu la watu zaidi ya mia. Memo ya kutukumbusha kutunza siri za watu ndio imemwaga siri ya mtu.

Nauliza, kwa nini mfumo unasema sijamaliza, na hilo la kukatwa mshahara lipo kisheria kweli?

mtoto_wa_Tandale:
Namba 9 si mbaya, ungekuwa namba 1 ndo ungelia 😂

Kaka Mpole:
Mkuu hiyo ni mtego. Watu wa tehama siku hizi wanatuma memo za uongo zenye vitisho na dedlaini ya karibu waone nani atabonyeza linki. Kazini kwetu walifanya hivyo, waliobonyeza wakaitwa darasani. Angalia anwani ya aliyetuma herufi kwa herufi.

Kijana wa Mbagala:
@Kaka Mpole nilifikiria hilo, lakini memo haina linki yoyote na imesainiwa na mkuu wa utumishi, nimempigia katibu wake amethibitisha. Ya kweli hii.

FundiSeva:
Nimewahi kuhudumia mifumo ya aina hiyo miaka kadhaa. Kozi nyingi za hivyo zinafungwa kwenye kifurushi cha SCORM, yaani muundo unaoiwezesha kozi kuongea na mfumo wa mafunzo. Ukiifungua inatokea kwenye dirisha lake peke yake, na hilo dirisha ndilo linalopeleka habari kwenye mfumo mama kidogokidogo kadiri unavyosonga. Watu wengi hawajui kwamba alama ulizopata na hali ya kumaliza vinatunzwa kwenye visanduku viwili tofauti. Kwa hiyo unaweza kukuta mtu kumbukumbu zake ziko hivi:

```
cmi.core.score.raw = 88
cmi.core.lesson_status = incomplete
```

Amefaulu vizuri tu ila mfumo unamhesabu yuko njiani. Na ripoti ya utumishi inasoma mstari wa pili, haina habari na wa kwanza. Swali kwako, baada ya kuona 88 ulifanya nini? Namaanisha kidole chako kilibonyeza wapi.

Kijana wa Mbagala:
Dah. Nilikuwa natumia simu, bodaboda ananisubiri nje, nilivyoona 88 nikafunga kwa X nikaondoka.

FundiSeva:
Basi tunaanza kuelewana. Aliyetengeneza kozi ndiye anayeamua nini kihesabiwe kumaliza. Wengine wanaweka kwamba ukifaulu mtihani imetosha, wengine wanataka slaidi zote ziwe zimefunguliwa, hata ile ya mwisho yenye "Asante kwa kushiriki" na hakuna kitu. Na ukifunga kwa X, hasa kwenye simu, ule ujumbe wa mwisho wa kuaga unaweza usitumwe kabisa.

Fanya hivi. Ingia kwa akaunti ileile, fungua kozi, ikiuliza kama unataka kuendelea ulipoishia kubali. Nenda mpaka slaidi ya mwisho, bonyeza kitufe cha kutoka kilichomo ndani ya kozi yenyewe, subiri dirisha lijifunge lenyewe. Tumia laptopu na mtandao uliotulia. USIBONYEZE kurudia jaribio, maana kwenye mifumo mingine jaribio jipya linakalia la zamani, ile 88 inapotea unaanza upya na usingizi.

Mama Tunu:
Nimekaa utumishi miaka 11 kwa hiyo nisemee upande wa pili. Anachosema FundiSeva kipo, lakini mara nyingi sababu ni ya kizembe zaidi ya hapo. Ile orodha huwa tunaitoa siku moja, tunaihariri siku ya pili, bosi anaisaini siku ya tatu. Aliyemaliza katikati bado anaonekana mdaiwa. Na kuna la akaunti mbili, mtu alipokuwa kwenye majaribio alikuwa na namba moja, alipothibitishwa akapewa nyingine, kozi amefanya kwa ile ya zamani, ripoti inasoma mpya. Mwanangu wewe ulithibitishwa lini?

Kijana wa Mbagala:
Mwezi juzi mama. Na namba yangu ilibadilika kweli...

mtoto_wa_Tandale:
Kumbe Kijana mpo wawili humo ndani, mmoja kafaulu mwingine anakatwa mshahara 🤣

Nyamwezi Asili:
Samahani wakuu, hicho cheti cha hayo mafunzo kinapatikana wapi na ni shilingi ngapi? Nimeona tangazo la kazi wanataka mtu mwenye cheti cha ulinzi wa taarifa.

Mama Tunu:
@Nyamwezi Asili hii ni kozi ya ndani ya kampuni, dakika 40 unabonyeza "endelea". Cheti chake hakikupi kazi popote baba.

Kaka Mpole:
Kuhusu mshahara, hawawezi kukukata hata senti tano, sheria imekataza mwajiri kugusa mshahara wa mtu. Wakikukata nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kesho yake.

wakili_wa_kijiweni:
@Kaka Mpole umegusa ukweli ila umeruka nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijakataza makato yote. Makato yanaruhusiwa yakiwa yametajwa na sheria, kama kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii, au yakitokana na amri ya mahakama na mfano wa hayo, au wewe mwenyewe ukikubali kwa maandishi.

Sasa kuna makato ya kufidia hasara na hapa ndipo waajiri wengi wanajificha. Hayo yana masharti yake. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo chake na kiasi na namna alivyokipata, upewe nafasi ya kubisha, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara wako wa fedha. Haya niambie, mtu kutomaliza kozi kumeleta hasara ya shilingi ngapi? Asilimia 10 wameipata kwa hesabu gani? Hiyo ni faini tu imevalishwa suti.

Onyo la maandishi ni jambo jingine, hilo wanaweza kulitoa. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinapima kama kulikuwa na utaratibu, kama uko wazi na una mantiki, kama mfanyakazi aliujua, na kama unatumika kwa wote sawasawa. Memo yenyewe ndiyo itakuwa ushahidi wao kwamba mlijulishwa. Wakitaka kwenda mbali zaidi hadi kufukuza, lazima kikao cha nidhamu, na upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uje na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi.

Kaka Mpole:
Nimekubali kaka, ila kwenye CMA nilikuwa sahihi 😎

wakili_wa_kijiweni:
CMA sawa, ila usiwaambie watu "kesho yake" wakaja kulala. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro, migogoro mingine siku 60. Ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda na huko kuna jasho lake.

Bi Mwanaisha:
Mnaongelea mshahara tu, hiyo (a) ya kufunga akaunti ndio inauma. Mimi niliwahi kuwa afisa mikopo, sehemu nyingine si hiyo. Mfumo ukifungwa huwezi kuingiza ombi la mteja, huwezi kuona nani anadaiwa, na kamisheni inahesabiwa kwa ulichoingiza. Nilifungiwa siku mbili mwisho wa mwezi kwa kozi kama hiyo, lengo la mwezi sikulifikia, kamisheni ikaruka. Hakuna aliyenikata mshahara kwenye karatasi ila nilikatwa. Na waliponifungulia hakuna aliyesema samahani.

Mama Tunu:
Bi Mwanaisha nakuelewa, ila hiyo ya kufunga akaunti ndiyo yenye mantiki kuliko zote. Kama mtu hajafundishwa namna ya kushika taarifa za wateja, kumzuia asizishike mpaka afundishwe ni tahadhari, haina tofauti na kumzuia asiye na leseni kuendesha gari la ofisi. Tatizo ni kufunga Jumatatu ya mwisho wa mwezi bila kumpa mtu njia ya kufanya kozi hiyohiyo. Sisi tuliwahi kumfungia mtu kila kitu hadi imeili, halafu kozi inaingiwa kwa imeili hiyohiyo! Alikaa siku tatu anashindwa kumaliza kozi kwa sababu hajamaliza kozi.

mtoto_wa_Tandale:
Hapo nimecheka hadi mzee wa jirani kachungulia

Omosh_Umoja:
Sasa mimi niko Nairobi, huku sheria yetu ni ya 2019 na kati ya kazi za afisa wa ulinzi wa data imeandikwa kabisa kwamba asaidie kujenga uwezo wa wafanyakazi wanaoshughulika na data. Ndio maana kila kampuni huku inakimbizana na hizi treni-treni. Mdosi hataki kuelimika, anataka ile ripoti ya asilimia mia, siku wakaguzi wakikuja aitoe. Na huku watu wamepigwa faini si mchezo. Septemba 2023 kamishna wa data alipiga shule moja milioni 4.55 za Kenya juu ya kupost picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, kilabu ikalamba 1.85 kwa picha ya mteja. Nyinyi huko hiyo sheria si ilianza 2024?

wakili_wa_kijiweni:
@Omosh_Umoja hapana, sheria yetu ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Cha 2024 ni uzinduzi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Rais Samia aliizindua Aprili 3. Kwetu mzigo upo kwenye kuweka hatua za kiusalama na kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa. Kozi ni njia mojawapo ya kuonyesha kwamba umechukua hatua. Sasa mwajiri anayemwaga orodha yenye ugonjwa wa mtu halafu akasema "lakini wafanyakazi wangu wote wana cheti"... sijui atamwambia nini huyo mkaguzi. Habari za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, hizo hazishikwi kama namba ya kiti.

Dogo wa Kigogo:
Mimi hizi app za mikopo zinaniua, nilichelewa siku nne wakatuma sms kwa mama mkwe kwamba mimi ni tapeli. Hao hawana mafunzo?

Omosh_Umoja:
@Dogo wa Kigogo pole bro, huku kampuni yenye app mbili za hivyo ilipigwa karibu milioni 3 kwa kosa la hivyo, kutumia namba za watu iliyochota kwa simu za wateja. Lakini app zikifungwa zinarudi na jina jipya kama matatu imepakwa rangi.

Mama Tunu:
Turudi kwenye orodha. Naomba niseme kitu hamtakipenda. Kutaja majina ya wasiomaliza peke yake sioni kama ni kosa kubwa, bosi wa idara anahitaji kujua amkumbushe nani. Kosa ni kumpelekea kila mtu orodha ya kila mtu, na ile safu ya maelezo. Safu hiyo huwa ni ya kwetu ndani, tunajiandikia "yupo uzazi", "mgonjwa", "amesafiri" ili tusimsumbue mtu. Mtu alisahau kuifuta kabla ya kutuma.

wakili_wa_kijiweni:
Mama Tunu hapo tunapishana. Taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya kusimamia mafunzo itumike kwa hilo. Kuaibisha watu kwenye wasap ni matumizi mengine, hata bila ule ugonjwa.

Mama Tunu:
Kuaibisha na kukumbusha ni watoto wa baba mmoja, wakili. Ukituma binafsi kwa kila mmoja nusu hawafungui.

Kijana wa Mbagala:
Wakuu kuna kubwa zaidi. Nimeifungua ile Excel kwenye laptopu, kumbe ilikuwa imechujwa tu. Nimeondoa filta, wametokea wafanyakazi wote wa kampuni. Na kati ya safu ya F na J hapaonekani kitu, nikafunua, kuna tarehe za kuzaliwa na ngazi za mshahara. Sijalala vizuri.

FundiSeva:
Ishia hapohapo, usimtumie mtu hata mmoja wala usipige skrinishoti ya mishahara ukaweka humu. Kuficha safu au kuchuja hakufuti kitu, ni kama kufunika sufuria, nyama bado imo. Anayejua huwa anakopi zile safu anazotaka tu, anabandika kwenye faili jipya, anatuma hilo, au anatoa PDF.

Na usidhani ni uzembe wa huku tu. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa faili la Excel lililokuwa na karatasi moja iliyofichwa, yakatoka majina ya askari na watumishi 9,483. Huko ambako askari anaficha kazi yake hata kwa majirani. Mdhibiti wa Uingereza akawatoza pauni 750,000. Faili moja, karatasi moja ya ndani ambayo hakuna aliyeigundua kabla ya kutuma.

Bi Mwanaisha:
Sasa huyo kijana amefanya kosa kufunua?

FundiSeva:
Kufungua faili ulilotumiwa kazini sioni kosa. Kulisambaza baada ya kujua kilichomo ndio hatari.

wakili_wa_kijiweni:
Naunga mkono la kutosambaza. Andika imeili fupi kwa afisa wa ulinzi wa taarifa wa kampuni, siyo kwa grupu, sema faili lililotumwa saa fulani lina safu zilizofichwa, usiliambatishe tena. Tunza nakala ya imeili yako. Kuhusu ugonjwa, mwenye haki ya kulalamika ni yule dada mwenyewe, kwa mwajiri kwanza au Tume. Wewe usimfanyie kesi bila yeye kutaka.

Kaka Mpole:
Mwambie meneja afute kwa wote kwenye wasap, yameisha.

FundiSeva:
Haijaisha mkuu. Aliyekwisha kupakua faili linabaki kwenye simu yake. Na simu ngapi za kazini zinachezewa na watoto nyumbani.

Kijana wa Mbagala:
Mrejesho wa Alhamisi. Nilifanya alivyosema FundiSeva, nikakuta nilikuwa slaidi ya 31 kati ya 32!! Nikaenda ya mwisho, nikatoka kwa kitufe. Bado ikaandika "inaendelea". Nikawaandikia tehama kuhusu namba mbili alizosema Mama Tunu, jioni wakajibu "tumeunganisha akaunti". Leo asubuhi imeandika "imekamilika". Asanteni sana.

FundiSeva:
Slaidi ya 32 hiyo. Hali ilichelewa kusoma tu.

Mama Tunu:
Akaunti hizo. Wameunganisha jioni, asubuhi imekaa sawa, unataka nini tena.

mtoto_wa_Tandale:
Au bodaboda alikuombea

Kijana wa Mbagala:
😂 Halafu tarehe ya kumaliza imeandikwa ya leo, siyo ya wiki iliyopita. Sijui kama nibishe.

wakili_wa_kijiweni:
Ipo kabla ya Ijumaa, kwa hiyo hapa haikudhuru. Ila ile rekodi ya 88 itunze, siku wakisema ulimaliza baada ya kutishiwa utakuwa na neno.

Kijana wa Mbagala:
Nyingine, memo mpya imetoka mchana huu. Orodha haipo, wameandika kila mtu aangalie hali yake mwenyewe kwenye mfumo. Ile (c) ya asilimia 10 imeyeyuka, imebaki akaunti na onyo. Hakuna neno moja kuhusu faili la kwanza. Afisa wa ulinzi wa taarifa amejibu "imepokelewa". Nilimpigia yule dada, anasema hataki kesi, anataka tu watu waache kumuuliza anaendeleaje.

Bi Mwanaisha:
Maskini. Hilo hawana kitufe cha kulifuta.

Omosh_Umoja:
Imepokelewa 😅 huku pia ndio wimbo wa taifa wa ofisi. Hiyo kitu inafaa iripotiwe, huku kwetu ni masaa 72 kamishna awe amejulishwa.

Mama Tunu:
Na meneja aliyeitupa kwenye grupu, yeye kamaliza kozi?

Kijana wa Mbagala:
Mama, kwenye orodha alikuwa namba 3. Leo ameonekana "imekamilika" na alama 100, na tangu asubuhi yupo safarini Morogoro. Katibu wake ndiye alikuwa amekaa kwenye kompyuta yake na heedfoni.

mtoto_wa_Tandale:
Mwombeni huyo katibu majibu basi, kwetu mwisho Jumatano ijayo

FundiSeva:
Maswali yanachanganywa kila mtu na mpangilio wake, ukikopi ABCA utapata 30. Fanya mwenyewe, dakika 40 tu. Na slaidi ya mwisho usiiache.